Barua ya wazi kwa TFF, Bodi ya Ligi, ofisi ya hakimiliki COSOTA na wenye haki za matangazo: tuambieni banda la Gungu linaruhusiwa kuonyesha nini

Wakubwa zetu, shikamoni kwa mliotuzidi umri, na wengine habari za kazi. Naandika kutoka Gungu hapa Kigoma, mimi ni shabiki wa mpira na nyumba yetu imepakana na banda la kuonyeshea mpira, lile mnaloliita kibanda umiza. Sina hisa kwenye banda ila nimekua nikiangalia mechi humo na najua watu wanaoingia humo, wavuvi wa Kibirizi, bodaboda, vijana wa sokoni, wanafunzi wa likizo, watu ambao hela ya dishi na kifurushi cha kila mwezi hawana na hawataipata leo wala kesho.

Msimu uliopita walikuja jamaa wawili na karatasi, banda limejaa, mechi ndo kwanza imeanza, wakamwambia mzee mwenye banda azime TV. Mzee akatoa simu akawaonyesha meseji ya malipo, kifurushi kikubwa kabisa na kimelipwa mwezi mzima, akasema jamani mimi sio mwizi nimelipia. Wakamjibu neno moja tu, hii kadi ni ya nyumbani. King'amuzi kikachukuliwa, mzee akabaki anamwaga lile kopo la kiingilio mezani anarudishia watu mia tano mia tano zao mmoja mmoja, na wale wa nyuma waliokuwa hawaoni vizuri wakaanza kupiga kelele kwamba kawatapeli. Sitaitaja kampuni ambayo wale jamaa walisema imewatuma maana sio lengo langu kumchafua mtu. Ninachotaka ni hiki, mzee alilipa kwa nia njema na hakuna mtu yeyote aliyewahi kumweleza kwamba alicholipia sio kile anachokifanya, na ninyi ndo mnaojua utofauti huo kwahiyo ni kazi yenu kuueleza na kutupa njia halali ya kupita.

Nimehangaika kulielewa hili jambo naomba nilieleze hapa kwa lugha ya mtaani, kama kuna sehemu nimepotoka mtanirekebisha hadharani ili na wengine wasome.

Haki ya kuonyesha mpira haiuzwi nzima. Ni kama shamba la kukodi, ukikodi heka mbili za upande wa mtoni haina maana unaweza kulima na upande wa mlimani, mwenye shamba anaweza akawa amemkodisha mwingine huko. Mwenye mashindano anaikata haki yake kwa nchi, anaikata kwa njia (TV, redio, intaneti, kila moja na mkataba wake), halafu anaikata kwa matumizi, yaani kuangalia nyumbani kwako ni kitu kimoja na kuonyesha watu mahali pa wazi ni kitu kingine. Ligi yetu Azam Media waliingia mkataba na TFF mwaka 2021, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Hiyo hela yote wamelipa ili wao wawe nayo na wengine wasiwe nayo, thamani yake iko hapo kwenye kutokuwepo kwa mwingine, na ndo hela inayosaidia timu kama Mashujaa yetu kusafiri kwenda kucheza ugenini. Kwahiyo sipo hapa kusema mpira uonyeshwe bure kila kona, hapana, wakiibiwa wenye haki mwisho wa siku mkataba unaofuata utakuja mdogo na Mashujaa wataumia.

Sasa lile kosa la mzee liko kwenye kile kipande cha tatu, matumizi. Ukinunua kifurushi cha nyumbani unaingia mkataba wa kuangalia wewe na familia yako, hata wageni wako sebuleni hamna shida. Ukiweka mabenchi na ukachukua kiingilio umeshatoka nje ya ule mkataba hata kama hujabadilisha waya wowote, kadi ni ileile, picha ni ileile, malipo yamefika, lakini ruhusa haipo. Na hapa kiingilio ndo kitu kizito kuliko mnavyofikiria. Mkataba wa kimataifa wa Roma wa mwaka 1961 unaohusu haki za vituo vya utangazaji uliandika wazi kwamba kituo kina haki juu ya kuonyeshwa kwa matangazo yake ya TV mahali ambapo watu wanaingia kwa kulipa kiingilio. FIFA nao kwenye masharti yao ya kuonyesha Kombe la Dunia hadharani wanatofautisha hivyohivyo, onyesho lenye kiingilio au mdhamini ni la kibiashara na linahitaji leseni, onyesho lisilo na hivyo linatazamwa tofauti. Ina maana baa yenye TV ukutani inayouza soda, na banda la mia tano lisilouza chochote, hayako sawa, na bahati mbaya banda la maskini ndo linaloangukia upande mbaya maana lenyewe halina bia ya kufidia, kiingilio ndo biashara yenyewe.

Na leseni ya biashara ya manispaa haisaidii hapo. Mzee anayo, imetundikwa ukutani pembeni ya kalenda. Ile inasema unaruhusiwa kufanya biashara eneo hili, haiwezi kumpa mali ya mtu mwingine, manispaa yenyewe haina hayo matangazo itampaje.

Waingereza hili walishalimaliza kwa njia rahisi sana na naomba mlione. Kule mwenye baa anachukua kifurushi cha biashara cha Sky, kampuni yao ya TV ya kulipia, bei yake inapangwa kwa kuangalia ukubwa wa biashara yake kwa thamani ile ambayo serikali inaitumia kutoza kodi ya jengo, baa ndogo ya kijijini hailipi sawa na baa kubwa ya katikati ya Landani. Halafu kwenye kona ya chini ya picha inatokea alama ndogo ya glasi ya bia. Kadi ya nyumbani haina hiyo glasi. Mkaguzi akiingia haulizi karatasi, haanzi kuzozana na mtu mbele ya wateja, anaangalia kona ya TV tu anajua. Na mteja pia anajua. Sasa jiulizeni, wale jamaa wawili wangekuwa na kitu cha hivyo Gungu, mzee naye angekuwa alishaambiwa siku ananunua king'amuzi kwamba bila alama ile usiweke mabenchi, si wote wangekuwa na amani? DStv wana kitengo cha biashara kwa ajili ya mahoteli na mabaa, hilo linajulikana, lakini hoteli ya vyumba arobaini na banda la mabati lenye mabenchi kumi ni vitu viwili, tunachokosa ni bei iliyotengenezwa kwa ajili ya banda, inayolipika kwa wiki au hata kwa mechi moja, kwa simu, na ikaandikwa hadharani. Mzee baada ya lile tukio alimfuata wakala mmoja hapa mjini akauliza kifurushi cha banda ni bei gani, wakala akamwangalia akamwambia mzee wewe lipia tu cha kawaida wenzako wote wanafanya hivyo. Huyo ndo mtu wa kwanza anayewakilisha wenye haki mbele ya mwananchi, na ushauri wake ni kuvunja mkataba.

Kitu cha pili ni mpaka, na huku kwetu mpaka ni jambo la kila siku. Kutoka hapa kwenda Manyovu ni safari fupi, ukivuka uko Burundi, na boti za Kibirizi zinaenda Kongo. Upande ule ni nchi za Kifaransa, huko kuna TV ya kulipia ya Canal+, na mawimbi ya setilaiti hayasimami kwenye geti la uhamiaji, yanamwagika, dishi lililogeuzwa vizuri hapa Mwanga linaweza kushika vitu visivyouzwa Tanzania. Kwahiyo zinatembea kadi na ving'amuzi kutoka ng'ambo, vijana wanaviuza kwa maneno ya kwamba ni bei poa na mechi zote zipo. Anayenunua anaona amelipia, na kweli kuna mtu amelipwa, ila aliyelipwa hana haki ya kuuza Tanzania. Ukikamatwa na hiyo huna hata mkataba wa nyumbani wa kujitetea nao.

Kuna kesi moja ningependa kila mwenye banda aijue. Mama mmoja wa Portsmouth, Uingereza, Karen Murphy, alikuwa na baa, akaona Sky ni ghali akanunua kadi ya Ugiriki, iliripotiwa kwamba alikuwa analipa kama pauni 800 kwa mwaka wakati Sky ingemgharimu kama pauni 700 kwa mwezi. Akashtakiwa, akapigwa faini ya karibu pauni 8,000, akakata rufaa, jambo likafika mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya. Oktoba 2011 mahakama ikasema kumzuia mtu wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya asinunue kadi ya nchi nyingine ya umoja huohuo kunapingana na soko lao la pamoja, na mwaka 2012 hatia yake ikafutwa. Watu wengi wanaishia hapo wanashangilia. Lakini hukumu ileile ilikuwa na upande wa pili. Mahakama ilisema mechi yenyewe sio kazi ya ubunifu ya kulindwa na hakimiliki, maana wachezaji wanafuata sheria za mchezo, ila vile vitu vinavyowekwa juu yake, wimbo wa ligi, video ya kufungulia kipindi, michoro ya matokeo kwenye skrini, hivyo vinalindwa, na kuvionyesha kwa wateja wa baa kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Ina maana kadi ilikuwa halali lakini kuionyesha baa bado ni ruhusa nyingine kabisa. Ni lilelile la mzee wetu, kulipia kadi na kuruhusiwa kuonyesha watu ni milango miwili.

Na hukumu hiyo ni ya Ulaya, kwenye soko la Ulaya, haimsaidii mtu Manyovu. Lakini Tanzania, Burundi na Kongo wote tupo Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo waliingia 2022, na itifaki ya soko la pamoja ipo tangu 2010 na huduma zimo humo. Sijawahi kusikia kiongozi wa mpira wala wa hakimiliki akilizungumzia hili hata siku moja. Lizungumzieni, hata kama jibu ni hapana tuelezwe ni hapana kwa sababu gani, kuliko kuacha vijana wa mpakani wanauziana kadi gizani.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi maana limeanza kuzungumzwa mitaani, kufungia matangazo kwenye eneo la mechi. Nasikia watu wakisema uwanja wa Lake Tanganyika haujai kwa sababu mechi zinaonyeshwa kwenye TV, basi Mashujaa wakicheza nyumbani TV zizimwe Kigoma, watu watakwenda wenyewe uwanjani. Wanaosema hivyo wanaipenda timu, sina ubaya nao, ila naomba muangalie wenzetu walifanyaje kabla hamjashawishika.

Uingereza wanayo sheria hiyo mpaka leo. Jumamosi kuanzia saa 8 na dakika 45 mchana mpaka saa 11 na robo jioni kwa saa zao, hakuna mechi inayoonyeshwa moja kwa moja kwenye TV yoyote ya huko. Ilianza miaka ya 1960 kwa msukumo wa Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, aliyeamini watu wakiona mechi kubwa kwenye TV hawatakwenda kuziangalia timu ndogo za kwao. UEFA wanaruhusu kila chama kichague masaa yake mawili na nusu ya wikiendi. Matokeo yake ni kwamba kuanzia msimu wa 2025/26 Sky na TNT wanaonyesha mechi 267 kati ya 380 za Ligi Kuu ya Uingereza, zile nyingine nyingi zikiwa za saa 9 mchana Jumamosi, wakati nje ya nchi mechi zote 380 zinauzwa. Hebu fikirini, mtu wa Gungu anakaa bandani saa 11 jioni, au saa 12 wao wakiwa kwenye majira ya baridi, anaangalia mechi kihalali kabisa kwenye kituo chenye haki za huku, wakati shabiki anayeishi mtaa wa pili kutoka uwanjani, aliyekosa tiketi, haruhusiwi kuiona kwao. Kilichomtenganisha na mtu wa Gungu ni mkataba wa nchi tu. Redio hata hivyo inaruhusiwa, masaa yaleyale anasikiliza mtangazaji moja kwa moja, maana zuio ni la picha sio la sauti.

Wamarekani walifanya ya kwao tofauti. Ligi yao ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilikuwa na utaratibu tangu 1973 kwamba tiketi zisipokuwa zimeisha masaa 72 kabla ya mechi, TV zinazimwa ndani ya maili 75 kutoka uwanjani, kama kilomita 120. Wakausimamisha mwaka 2015. Chukueni hesabu hiyo muilete huku, chomekeni bikari kwenye uwanja wa Lake Tanganyika mzungushe kilomita 120. Kasulu imo ndani, Uvinza imo ndani, Kibondo iko nje. Mtu wa Uvinza atazimiwa TV kwa mechi ambayo kuja kuiona ni lazima aache kazi siku nzima alipe nauli na pengine alale mjini, na mtu wa Kibondo aliye mbali zaidi ataangalia vizuri nyumbani. Kuzima TV kunaweza kumsukuma mtu wa Mwanga au Ujiji atembee mpaka uwanjani. Mtu wa Uvinza hatasukumwa, atanyimwa tu. Halafu huyo wa Mwanga naye atafungua simu, atatafuta linki ya wizi, kwahiyo mtakuwa mmemfundisha njia ambayo leo haijui. Uwanja ukikosa watu angalieni kwanza siku ya mechi imepangwa lini, maana mechi ya katikati ya wiki saa 10 jioni wavuvi wanajiandaa kuingia ziwani, dukani hakuna wa kumwachia, na TV haijahusika hapo popote.

Na mkiamua kufungia siku yoyote kwa sababu yoyote, tangazeni kabla. Sasa hivi picha ikikata bandani ni vurugu kwa sababu hakuna anayejua imekata kwa nini. Kwenye DStv ikija E48-32 hiyo ni mawimbi, dishi limesogea au mvua, fundi apande juu. Ikija E16 hiyo ni akaunti, malipo au kadi haijafunguliwa. Lakini likija andiko kwamba kipindi hiki hakipatikani eneo lako kwa sababu za haki, hapo hakuna fundi wala malipo yatakayosaidia, kituo hakina haki ya hiyo mechi kwa nchi yako basi. Kwenye apu za simu ni hivyohivyo, zinasoma anwani ya IP kujua uko nchi gani, ndo maana mtu wa huku mpakani akitumia laini ya Burundi anaweza kufungiwa akiwa bado yuko kwao. Nimeona watu wanamlipa fundi kupanda juu ya bati kurekebisha dishi wakati tatizo ni mkataba uliosainiwa mji mwingine. Januari 2024 kwenye AFCON mnakumbuka, haki za kusini mwa Sahara zilikuwa za New World TV ya Togo, SuperSport wakatangaza kwamba hawataonyesha, halafu siku chache kabla ya mashindano wakapatana na wakaonyesha. Taifa Stars walikuwemo, kundi moja na Kongo, na huku Kigoma mnajua hiyo mechi ina maana gani, wenye mabanda walikuwa hawajui walipie nini.

Ninachowaomba kinawezekana bila kubadilisha sheria yoyote. Kabla msimu haujaanza TFF na Bodi ya Ligi mtoe karatasi moja, ya Kiswahili, ibandikwe ofisi za vyama vya mikoa na itumwe kwenye magrupu, inasema haki za ligi hii kwa Tanzania ni za nani, TV nani, redio nani, simu nani, na mwenye banda amfuate nani kwa namba gani. Wenye haki muweke kifurushi cha banda chenye bei kwa idadi ya viti, na alama yake kwenye kona ya picha. Mawakala wenu wafundishwe kumuuliza mteja swali moja siku ya kuuza, unaangalia nyumbani au unaonyesha watu. COSOTA mkija kukagua njooni mara ya kwanza na onyo la maandishi na siku kadhaa za kujirekebisha, king'amuzi kichukuliwe mtu akirudia, na mkaguzi awe na kitambulisho ambacho mzee wa banda anaweza kukihakiki kwa simu palepale, maana mpaka leo hatuna uhakika wale wawili walitumwa na aliyewatuma au walijituma.

Mzee amenunua king'amuzi kingine, banda limefunguliwa, na kadi iliyomo ni ya nyumbani kwa sababu hajapata mtu wa kumuuzia nyingine. Pesa ya kulipia ya banda anayo na yuko tayari kuitoa wiki hii mkimwambia ailipe wapi.

Ni mimi,
Shabiki wa Mashujaa, Gungu, Kigoma